Vitanda Viwili, Ndoa Moja

Fungu la kusoma: 1 Wakorintho 7:3-5

Wapendwa wasikilizaji, papa na mama wa hapa Bafwasende mjini, na ninyi mlio vijijini kando ya barabara, upande wa Kisangani na upande wa Nia-Nia, leo tunasema na watu wa ndoa, tena juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya mchungaji. Ni jambo la kukoroma, na la mume na mke wasiolala saa moja wala kuamka saa moja.

Swali hili huletwa kwetu kwa sauti ya chini. Mtu amekuja kuombewa, maombi yamekwisha, amesimama mlangoni tayari kwenda, ndipo anasema: “Mchungaji, kuna neno dogo. Je, ni dhambi kulala kitanda changu peke yangu? Mwenzangu anakoroma, sipati usingizi.” Neno hilo si dogo. Tunalijua kwa sababu liliingia katika nyumba yetu wenyewe. Ndiyo maana leo tunasema “sisi”: mazungumzo haya tumeyaandaa wawili, papa mchungaji na mama mchungaji, ijapokuwa sauti moja ndiyo inayowasomea.

Kwanza tuwaeleze mambo yalivyokuwa kwetu. Mama mchungaji anapika mikate ya kukaanga na kuwauzia wasafiri wa malori yanayolala hapa. Malori huondoka mapema, kwa hiyo mama huamka saa tisa ya usiku kuwasha moto. Ili apate usingizi wa kutosha, ingempasa awe amelala tangu saa mbili au saa tatu. Papa mchungaji naye hurudi kutoka maombi ya jioni, hula, kisha hukaa na taa na Biblia yake mpaka saa sita. Akipanda kitandani, haichukui dakika kumi, anaanza kukoroma, na si mkoromo wa paka.

Hesabuni pamoja nasi. Tangu saa tatu mpaka saa sita ni saa tatu za usingizi. Tangu saa sita mpaka saa tisa, mama alikuwa akilala na kushtuka, akilala na kushtuka. Mtu mzima anahitaji saa saba hivi kila usiku. Mama yetu alikuwa akipata saa tatu nzuri na vipande vipande vya usingizi juu yake, siku sita za juma, kwa miezi mingi. Akaanza kuunguza mikate. Akaanza kuwagombeza watoto kwa kosa la kumwaga maji. Tena Jumapili moja akasinzia katika ibada, kwenye benchi la mbele, papa mchungaji akiwa anahubiri.

Mchana ule mezani papa aliuliza: “Hata Neno la Mungu limekuchosha?” Mama akajibu: “Neno halinichoshi. Anayelihubiri ndiye ananichosha, usiku.” Watoto wakacheka. Sisi wawili hatukucheka.

Usiku wa pili yake, karibu saa saba, mama alichukua mkeka akaenda kulala chumba cha mabinti. Hakusema neno. Papa akazinduka, akapapasa upande wa pili wa kitanda, akakuta baridi. Naye hakusema neno. Kila mmoja akajitungia maelezo moyoni mwake. Papa alifikiri: “Amenichoka, ananidharau.” Mama alifikiri: “Ameona nimeondoka na hakuja hata kuniuliza, basi hanijali.” Tulikaa hivyo siku tatu. Siku ya nne, kule mtoni kwenye kuteka maji, mama mmoja alimwuliza mama mchungaji kama ni kweli mchungaji amefukuzwa kitandani. Watoto walikuwa wameshasimulia.

Siku hiyo tulielewa kwamba kosa letu halikuwa mkeka. Mkeka ulimpa mama usingizi, na usingizi si adui wa ndoa. Kosa lilikuwa kuondoka bila kusema, na kuachwa bila kuuliza. Kitu kimoja tu, yaani kulala mahali pawili, kinaweza kuwa dawa au kuwa ukuta, na kinachotofautisha ni maneno yaliyotangulia. Hilo ndilo tunalotaka mlishike leo, na sasa tuwaonyeshe hatua tulizopita.

Hatua ya kwanza ni kujua mkoromo ni kitu gani. Mtu akilala, nyama za koo zinalegea, kama vile mkono wake unavyolegea. Ulimi unarudi nyuma, hasa akilala chali. Njia ya hewa inakuwa nyembamba, na hewa inayopita kwa nguvu inatikisa nyama laini za nyuma ya mdomo, pamoja na kile kinyama kinachoning'inia kooni. Mtikisiko huo ndio sauti mnayoisikia. Kwa hiyo anayekoroma hakusudii. Hana pepo la kukoroma, tena ukimkasirikia saa nane ya usiku hajui hata kwa nini umekasirika.

Yako mambo yanayoongeza mkoromo. Kulala chali, kama tulivyosema. Mwili kunenepa, hasa shingo. Pua kuziba kwa mafua au vumbi. Pombe, kwa maana pombe inalegeza koo zaidi, na anayekunywa lotoko jioni atakoroma kuliko kawaida yake. Na hapa mtusikie vizuri: vidonge vya usingizi kama Valiumu, vile ambavyo watu hununua dukani bila kuandikiwa na mganga, vinalegeza koo vilevile. Kuna mama aliyetaka kumpa mume wake kidonge ili alale kwa utulivu. Mama mpendwa, usifanye hivyo. Unaweza kumletea hatari kubwa kuliko kelele.

Hatua ya pili ni kusikiliza kabla ya kuhama. Hii tunaomba msiiruke, kwa maana wengi hawaijui. Kuna mkoromo ambao ni kelele tu, na kuna mkoromo ambao ni ugonjwa. Katika ule wa ugonjwa koo halipungui tu, linafunga kabisa. Mtu anakoroma, halafu ghafla kimya. Kifua kinapambana lakini hewa haipiti. Kisha anashtuka kwa kishindo, kama mtu anayetoka chini ya maji, anavuta hewa, na mkoromo unaanza tena. Yeye mwenyewe asubuhi hakumbuki lolote. Shahidi ni mmoja tu, yule anayelala kando yake. Ukihama bila kusikiliza, umeondoa shahidi.

Tulipokuwa tumeanza kusema tena, mama alikubali kurudi kitandani kwa usiku tatu, si kwa ajili ya kulala bali kwa ajili ya kusikiliza. Usiku ule alilala mchana kidogo kwanza, akaacha mikate. Kila mkoromo ulipokatika, alihesabu polepole: moja, mbili, tatu. Waganga wanasema kimya cha sekunde kumi au zaidi ndicho cha kuangaliwa, na kikitokea mara tano au zaidi katika saa moja, mtu huyo anahitaji kuonwa na mganga. Mama alihesabu mara nyingine mpaka kumi na tano, na katika saa moja ilikuja mara saba. Aliandika kwenye daftari la mauzo ya mikate, chini ya hesabu ya mafuta na unga.

Kuna na dalili za mchana. Mtu wa ugonjwa huu analala saa nane na bado anaamka amechoka, kichwa kinamuuma asubuhi, anaamka mara nyingi kukojoa, anasinzia akikaa tu. Kwetu ilieleza jambo ambalo papa mchungaji alikuwa akilificha: alikuwa amekwisha kusinzia mara mbili akiwa juu ya moto, akitoka kutembelea kanisa la kijijini. Motari anayekoroma kwa kukatikakatika kisha anasinzia njiani anaweza kuua abiria wake. Si mzaha.

Tulibeba daftari lile mpaka kituo cha afya. Mganga alipima tansio ya papa, yaani nguvu ya damu. Ilikuwa 16 kwa 10. Mpaka ambao waganga huanza kuwa na wasiwasi ni 14 kwa 9. Pumzi inapokatika usiku, moyo hupiga kwa shida, na usiku baada ya usiku tansio inaweza kupanda. Mganga alipima siku nyingine mbili ili ahakikishe, kisha akaanza kumpa dawa ya tansio, na akatuambia tuanze na mambo tunayoweza kuyafanya nyumbani. Ipo mashine ya kusukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisifunge. Aliyeibuni ni daktari mmoja wa Australia, Colin Sullivan, na alitangaza kazi yake mwaka 1981. Lakini inahitaji umeme usiku wote, kila usiku, na ninyi mnajua umeme wetu. Kwa hiyo tulishika yaliyo karibu.

Na kwa mama wenye mimba tunaongeza neno moja. Mama ambaye hakuwa akikoroma, na sasa ana mimba na ameanza, tena miguu na uso vinavimba au kichwa kinauma sana, asingoje siku yake ya kupima mimba. Aende apimwe tansio upesi.

Hatua ya tatu ni kutengeneza kinachoweza kutengenezwa. Papa alianza kula mapema, lituma na samaki saa kumi na mbili jioni kabla ya maombi, si saa nne ya usiku, na sahani ikapungua. Mama alishona mfuko mgongoni mwa fulana ya zamani, akaweka ndani mpira mdogo wa watoto. Papa akigeuka chali, mpira unamsumbua, anarudi ubavuni bila hata kuamka. Tuliinua kitanda upande wa kichwa kwa tofali moja kila mguu. Alianza kutembea kwa miguu kwenda kwa washirika walio karibu badala ya moto. Baada ya miezi minne mama alisikiliza tena: vimya vilikuwa viwili kwa saa, na vifupi. Tansio ilishuka, ingawa dawa anaendelea nayo. Lakini wapendwa, tusidanganyane: mkoromo haukuisha. Ulipungua tu. Na mama bado alikuwa anaamka saa tisa, na papa bado alikuwa anasoma mpaka usiku. Hapo ndipo tulipofika kwenye swali la vitanda.

Baadhi ya wazee walituonya: “Mume na mke ni mwili mmoja, basi kitanda ni kimoja.” Tuliwaheshimu, tukafungua Maandiko. Neno la mwili mmoja tunalikubali lote. Lakini tulitafuta mahali ambapo Mungu ameamuru kitanda kiwe kimoja, hatukupaona. Tuliona kwamba Sara alikuwa na hema lake, kwa maana Isaka alimwingiza Rebeka katika hema la Sara mama yake, Mwanzo 24:67. Tuliona Labani akipekua hema la Yakobo, kisha la Lea, kisha la wajakazi, kisha la Raheli, Mwanzo 31:33. Nyumba ya Yakobo yenye wake wengi si mfano wetu wa amani. Tunaitaja tu kwa sababu inaonyesha kwamba watu wa Biblia hawakupima ndoa kwa kulala chini ya shuka moja.

Halafu tulisoma fungu letu la leo. Mtume Paulo anakataza mume na mke kunyimana. Anaruhusu kuachana kwa muda tu, wakipatana wote wawili, kwa ajili ya maombi, kisha wakutane tena ili Shetani asipate nafasi. Angalieni kwamba Paulo hasemi juu ya kitanda cha kulalia usingizi, anasema juu ya miili na haki ya kila mmoja kwa mwenzake. Mtu anaweza kulala kitanda kimoja na mke wake miaka kumi na akawa anamnyima. Mwingine anaweza kulala vitanda viwili na asinyime. Lakini kanuni ya Paulo inatufaa hata hapa: kupatana, na kukutana tena. Kitanda cha pili kisichokuwa na mapatano ni kukimbia. Kitanda cha pili kisichokuwa na kukutana ni kunyimana.

Tena Wimbo Ulio Bora, sura ya 5, unatupa onyo. Yule mwanamke amelala peke yake, mpenzi wake anakuja anabisha mlango. Anaona uvivu wa kuinuka, ameshanawa miguu. Anapofungua hatimaye, mpenzi ameshakwenda zake. Kitanda peke yako kina hatari hiyo: raha inakuwa tamu, na mlango unakawia kufunguliwa.

Wataalamu nao wameona pande mbili za jambo hili. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, Pankhurst na Horne, walitangaza kazi waliyofanya na watu wa ndoa waliovaa vipimo mkononi usiku. Vipimo vilionyesha kwamba mtu akilala na mwenzake anajigeuza zaidi kuliko akilala peke yake. Lakini wengi wao walipoulizwa walisema wanalala vizuri zaidi wakiwa pamoja. Mwili unasema hivi, moyo unasema vile, na vyote viwili vinasema kweli. Kwa hiyo anayetenga vitanda ajue anapata nini na anapoteza nini. Anapata usingizi wa mwili. Anapoteza ule ujirani ambao moyo unautegemea, na asipouweka mahali pengine kwa makusudi, utapotea kweli.

Basi tulifanya hivi. Tulikaa mchana, siku ya Jumatatu, watoto wakiwa shuleni, tukanywa chai. Mambo ya kitanda hayaamuliwi saa saba ya usiku. Kila mmoja alisema anachohitaji na anachoogopa. Papa alisema: “Naogopa usirudi.” Mama alisema: “Naogopa usiniite.” Maneno manne hayo yalikuwa na thamani kuliko mahubiri mengi.

Kisha tulipima chumba. Kina mita tatu kwa mita tatu. Kitanda chetu kilikuwa na upana wa mita 1 na sentimeta 40. Tulimwomba seremala atutengenezee viwili, kila kimoja sentimeta 90. Vikikaa kwenye kuta mbili, jumla ni mita 1 na sentimeta 80, inabaki njia ya mita 1 na sentimeta 20 katikati. Vikisukumwa pamoja vinakuwa kitanda kimoja kikubwa kuliko cha zamani. Hatukutenga vyumba, na kwetu vingetoka wapi? Ila ukuta wa chumba cha mabinti una nafasi, kwa hiyo usiku ambao mkoromo ni mzito sana mama anahamia huko, na papa anajua, kwa maana wamepatana.

Mambo matatu katika kupanga vitanda watu huyasahau. La kwanza ni chandarua. Kitanda cha pili bila chandarua cha pili ni malaria, hasa kwa mama mwenye mimba. Kama chandarua ni kimoja, msitenge vitanda mpaka mpate kingine. La pili ni magodoro. Mara nyingi anayesumbuliwa ndiye anayetupwa kwenye mkeka, na mkoromaji anabaki na godoro. Hiyo ni adhabu kwa asiyekosa. Mpeane sawa, au mbadilishane. La tatu ni watoto na wakwe. Tuliwaambia watoto kwa maneno mepesi: “Papa anakoroma, mama anaamka mapema, kila mmoja ana kitanda chake cha usingizi, na sisi ni wazima.” Tulimwambia na mama mkwe kabla hajaambiwa na wengine. Tangu siku hiyo maneno ya mtoni yalikufa, kwa maana jambo lisilofichwa halina ladha ya kusengenya.

Kuhusu kukutana, tuliweka desturi. Saa mbili ya jioni papa anaacha kazi yake yote kwa saa moja. Tunakaa kitanda kimoja, tunaeleza habari za siku, tunaomba tukishikana mikono. Mama anapolala, papa anarudi kwenye taa yake. Usiku wa Jumamosi hatupiki mikate, kwa hiyo vitanda vinasukumwa pamoja na hakuna wa kuamka saa tisa. Na siku nyingine yoyote, yeyote kati yetu anaweza kuvuka ile njia ya katikati bila kuomba ruhusa na bila kuonewa haya. Kila mwisho wa mwezi tunaulizana kama mpango bado unatufaa. Mara mbili tumeubadilisha.

Sasa mtajuaje kama vitanda viwili vimekuwa umbali wa mioyo? Tunawapa swali moja, na kila mmoja ajiulize peke yake mbele za Mungu: kama mkoromo ungekoma leo, ningefurahi kurudi? Kama jibu ni ndiyo, tatizo lenu ni usingizi, na lina dawa. Kama jibu ni hapana, kama moyo unasema “afadhali uendelee, ninao udhuru”, basi mkoromo si tatizo lenu. Kuna ugomvi umejificha chini ya kitanda kile cha pili: labda fedha, labda mtu wa nje, labda kidonda cha zamani. Hapo usimwite seremala. Wewe na mwenzako tafuteni wazee mnaowaamini, ama mje kwetu, mlitoe lile neno nje. Alama nyingine ni hizi: mnapita siku mbili bila mazungumzo marefu kuliko ya chumvi na sabuni, au mmoja anasafiri asubuhi bila kumwaga mwenzake, au kumvukia mwenzako kumekuwa kama kwenda kuomba deni.

Na ninyi wenye chumba kimoja na watoto watano ndani, msifikiri hatukuwakumbuka. Kwenu kitanda cha pili hakiwezekani, lakini mengine yanawezekana. Yule anayesumbuliwa alale saa moja mbele ya mkoromaji, kwa maana usingizi mzito zaidi huja katika saa za kwanza, na akishazama haamshwi kwa urahisi. Mlale mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, sauti iende mbali na sikio. Mpira katika fulana haugharimu kitu. Na anayeamka usiku kwa kazi aandae nguo na vyombo vyake jioni, asipekue gizani na kuamsha nyumba nzima. Anayefanya kazi ya ulinzi na kurudi alfajiri, watoto watolewe nje asubuhi apate kulala. Naye akiamka mchana, hiyo ndiyo saa yenu ya kukutana, hata kama kwa majirani ni saa ya shamba.

Wapendwa, juzi Jumapili mama mchungaji alikaa kwenye benchi lile la mbele, macho wazi tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka. Nyumbani papa alimwuliza kama mahubiri yalikuwa mazuri. Mama akasema: “Sehemu ya kwanza ndiyo. Ya pili ilikuwa ndefu.” Sasa anaisikia yote, na anaweza kutukosoa. Tunamshukuru Mungu.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wewe huwapa wapendwa wako usingizi. Wape mume na mke wanaotusikiliza ujasiri wa kuambiana mchana yale yanayowasumbua usiku. Waponye wale ambao pumzi yao inakatika, uwape kufika kwa mganga mapema. Na pale ambapo vitanda ni viwili, mioyo iwe mmoja. Katika jina la Yesu, Amina.